OR 0.61 kwenye abstrakti ya ORS haihesabu vifo, inahesabu dripu

Swali: "Shikamoo dokta. Niko mwaka wa pili klinikal ofisa, tumepewa kazi tuandike kwa Kiswahili abstrakti yenye vipengele (malengo, mbinu, matokeo, mapungufu) ya yale mapitio ya kimfumo ya BMJ 2001 kuhusu ORS ya osmolariti ya chini kwa watoto. Nimeona OR 0.61 (0.47 hadi 0.81) nikaandika ORS mpya inapunguza vifo kwa asilimia 39, mwalimu kaikata kwa peni nyekundu na hajaandika kosa ni nini. Alafu kipengele cha mapungufu kwenye abstrakti yao sikioni, sasa mimi niandike nini?"

Marahaba mdogo wangu. Mwalimu yuko sahihi, na kwenye hiyo sentensi moja kuna makosa mawili ya aina tofauti. La kwanza ni la kitu kilichohesabiwa, hakuna vifo kwenye hiyo namba. La pili ni la hesabu, maana hata ungeandika kitu sahihi bado ile 39 isingekaa sawa. Nitayapitia yote mawili taratibu kwa sababu ukishayaelewa, kipengele cha mapungufu kitajiandika chenyewe, na mwishoni nitakuwekea abstrakti nilivyoiandika mimi uilinganishe na ya kwako.

Tuanze na swali ambalo waandishi watatu wa hayo mapitio, Hahn, Kim na Garner, walikuwa wanajiuliza. Hawakuuliza kama ORS inaokoa watoto, hilo lilishajibiwa miaka mingi nyuma, mwaka 1971 kwenye kambi za wakimbizi wa Bangladesh pale Bangaon upande wa India, ambapo Dk. Dilip Mahalanabis dripu zilimwishia akaanza kuwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi na glukosi, na vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Sasa mwaka 2001 kila mtu tayari anatumia ORS, swali lililobaki ni pakiti ipi kati ya mbili, ile ya zamani ya WHO au yenye chumvi na glukosi kidogo zaidi. Kwa hiyo watoto wa pande zote mbili wamepewa ORS, tena wako hospitali wanaangaliwa, vifo vinakuwa vichache sana kiasi kwamba hata ungetaka kuvilinganisha usingeweza. Ndo maana waandishi wakachagua kipimo kingine, na hicho kipimo ndo umekiruka.

Kabla sijafika huko, jua tofauti ya hizo pakiti mbili maana bila hiyo matokeo yataonekana kama bahati tu. Ile ya zamani ilikuwa na sodiamu 90, glukosi 111, na ukijumlisha vitu vyote osmolariti yake 311 kwa lita. Hii tunayotumia sasa hivi, ambayo WHO na UNICEF waliipitisha baada ya kazi kama hizi, ina sodiamu 75, glukosi 75, jumla 245. Damu ya mtu iko kwenye 290 hivi. Utumbo mdogo unafyonza sodiamu na glukosi kwa pamoja kupitia mlango mmoja kwenye ukuta wake, vikiingia maji yanafuata, na huo mlango unaendelea kufanya kazi hata kama mtoto anaharisha vibaya, ndo siri nzima ya ORS. Lakini ukizidisha glukosi mpaka utumbo ushindwe kuifyonza yote, inayobaki ndani inayavuta maji kutoka mwilini kuyarudisha kwenye utumbo, kama chumvi inavyotoa maji kwenye embe bichi ulilokatakata, na mtoto anaharisha zaidi. ORS ya 311 ilikuwa juu ya damu, ya 245 iko chini, kwa hiyo walitegemea kuona choo kinapungua na maji mengi yanabaki mwilini. Swali likawa je, hilo linaonekana kwa watoto wenyewe au linaishia kwenye karatasi tu.

Kipimo chao kikuu kilikuwa dripu ambayo haikupangwa. Shika hiyo "haikupangwa" kwa mikono miwili. Chukua mtoto wa kilo 8, kaletwa wodini na kuhara, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole, ana kiu na analialia lakini anakunywa. Huyu ana upungufu wa maji wa kati, anaingia Mpango B, mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa nne, yani mililita 600, mama anampa kidogokidogo kwa kijiko au kikombe. Sasa saa nne zinapita, anaendelea kuharisha kuliko anavyokunywa, au anatapika kila akinywa, dalili hazijaondoka, daktari anaamua aachane na mdomo awekewe dripu. Hiyo ndo dripu isiyopangwa, ina maana ORS imeshindwa kumtosheleza huyu mtoto. Tofautisha na mtoto aliyefika kalegea, hawezi kunywa kabisa, yeye dripu anawekewa tangu mlangoni, iko kwenye mpango, haihesabiwi kama ORS imeshindwa. Kwa hiyo sentensi yako ikisema "vifo" umeweka kitu ambacho hakikupimwa, na ikisema "dripu" tu bila neno la kutopangwa bado umechanganya watoto wa aina mbili.

Sasa hesabu. OR sio asilimia ya watoto, ni uwiano wa uwezekano, na uwezekano hapa ni waliowekewa dripu gawanya kwa ambao hawakuwekewa, sio gawanya kwa wote. Wengi wanateleza hapa. Tuifanye kwa namba halisi. Kuna jaribio kubwa lilichapishwa mwaka huohuo 2001, linaitwa CHOICE, watoto 675 wa mwezi 1 hadi 24 kwenye nchi tano, na kwa waliopewa ORS ya zamani watoto 15 kati ya 100 walihitaji dripu isiyopangwa. Tuchukue hiyo 15 kama sehemu ya kuanzia. Uwezekano ni 15 kwa 85, unapata 0.176. Zidisha kwa 0.61, unapata 0.108. Kuirudisha iwe watoto kati ya 100 unagawanya 0.108 kwa 1.108, inakuja 9.7. Kwa hiyo kutoka watoto 15 tunashuka kwenye karibu 10 kati ya kila 100, tumeepusha dripu tano. Ukilinganisha 9.7 na 15 upungufu ni kama asilimia 35, sio 39, na kadiri tukio linavyokuwa la kawaida zaidi ndivyo hizo namba mbili zinavyoachana. Cha kutia moyo kuhusu hii hesabu ni kwamba CHOICE wenyewe, kwa upande wa ORS mpya, walipata 10 kati ya 100, kwa hiyo hatuzungumzii kitu cha kwenye karatasi tu.

Fanya hivohivo na ile mipaka ya uhakika, maana wengi wanaiandika kwenye mabano na kuisahau. Ukiweka 0.47 unapata watoto 7.7 kati ya 100, ukiweka 0.81 unapata 12.5. Yani dripu zinazoepushwa kwa kila watoto 100 zinaweza kuwa chache kama mbili na nusu au nyingi kama saba na kitu. Mipaka yote miwili iko chini ya 1, kwa hiyo mwelekeo ni mmoja, ORS mpya ni bora, lakini ukubwa wa faida una nafasi ya kucheza.

Na hapa kuna jambo napenda sana wanafunzi walione kwa macho yao. Tuseme wewe uko kituo cha afya ambacho watoto wengi wanafika mapema, na kwa ORS ya zamani ni watoto 3 tu kati ya 100 wangehitaji dripu isiyopangwa. Rudia hesabu, 3 kwa 97 ni 0.031, zidisha 0.61 unapata 0.019, sawa na watoto kama 2 kati ya 100. OR ni ileile 0.61 lakini umeepusha dripu moja badala ya tano. Kwa hiyo mtu akikuuliza ORS mpya inasaidia kiasi gani huwezi kumjibu kwa OR peke yake, lazima umuulize watoto wako wana hali gani wanapofika. Ndo maana abstrakti nzuri inaweka namba zote mbili, uwiano na watoto kati ya 100.

Tuje kwenye mbinu. Kipengele hiki wanafunzi wanakijaza majina ya hifadhidata mpaka maneno yanaisha. Taja walipotafuta, kwamba ilikuwa Medline, Embase na rejista za Cochrane pamoja na kuwauliza watafiti, sentensi moja inatosha. Msomaji anachohitaji zaidi ni majaribio ya aina gani yaliruhusiwa kuingia, yani ya nasibu, kwa watoto wenye kuhara kwa ghafla, ORS ya osmolariti ya chini ikilinganishwa na ile ya kawaida ya WHO, alafu ajue kipimo kipi kilitangulizwa kuwa kikuu na vipi vilikuwa vya ziada, ambavyo ni kiasi cha choo, kutapika, na sodiamu kushuka kwenye damu. Usiache hilo la kuu na ziada. Mtu akipima vitu vinne na kimoja tu kikatoka vizuri, unataka kujua kama hicho kimoja ndo alichokitaja tangu mwanzo au amekichagua baada ya kuona majibu.

Alafu kuna majaribio mangapi. Walipata majaribio 15 yenye watoto 2,397. Umeandika, nina hakika, "majaribio 15 yalionesha OR 0.61". Hapana. Hiyo 0.61 imetoka kwenye majaribio 9. Mengine 3 yalisema hakuna mtoto hata mmoja aliyehitaji dripu isiyopangwa upande wowote, na ukiwa na sifuri pande zote mbili uwiano haupatikani, sifuri gawanya kwa sifuri haina jibu, kwa hiyo hayaingii kwenye hiyo OR. Sio kwamba ni mabaya, tena yanatuambia kitu, kwamba kuna mazingira ORS zote mbili zinatosha kabisa. Yaliyobaki hayakutoa namba za kipimo hicho. Kutapika kulitoka kwenye majaribio 6 tu, OR 0.71 na mipaka 0.55 hadi 0.92. Choo kwenye 13. Kila namba ina idadi yake ya majaribio, iandike hapohapo pembeni yake.

Kwenye choo kuna mtego mwingine. Utaona namba hasi, -0.214, mipaka -0.305 hadi -0.123. Nimeshaona watu wanaisoma "choo kilipungua kwa asilimia 21". Ile ni tofauti ya wastani iliyosanifishwa, tena kwenye skeli ya logi. Majaribio yalipima choo kwa njia tofautitofauti, wengine gramu kwa kilo, wengine kwa muda tofauti, ikabidi wayaweke kwenye kipimo kimoja kisicho na gramu ili yajumlishike. Kwa hiyo hiyo namba inasema choo kilikuwa kidogo zaidi na mipaka yote iko upande mmoja wa sifuri, basi, haikuambii ni gramu ngapi wala nepi ngapi. Andika "choo kilikuwa kidogo zaidi" uweke namba kwenye mabano, usiigeuze asilimia. Na kwa taarifa yako, CHOICE pamoja na ukubwa wake wote haikuona tofauti ya maana kwenye choo wala kwenye kutapika, iliona kwenye dripu tu. Mimi kwa maoni yangu hilo linanifanya niiamini dripu kuliko choo, lakini hayo ni ya kusemea darasani, kwenye abstrakti hayaingii.

Sodiamu kushuka ndo kilikuwa kitu watu wanakiogopa. Unapunguza chumvi kutoka 90 hadi 75, mtoto anaharisha na kupoteza chumvi, si sodiamu ya damu itaporomoka apate degedege? Majaribio 6 yaliangalia, kwenye 3 kulikuwa na watoto waliopata sodiamu ya chini, na hakukuonekana tofauti ya maana kati ya pande mbili. Sasa sikiliza vizuri namna ya kuliandika hili kwa sababu nalisahihisha kila mwaka. Usiandike "ORS mpya ni salama, haishushi sodiamu". Andika "tofauti haikuonekana". Matukio yalikuwa machache, na ukiwa na matukio machache unaweza kukosa kuona tofauti ambayo ipo. CHOICE kwa mfano waliona sodiamu chini ya 130 kwa watoto 11 kati ya 100 kwenye ORS mpya na 9 kati ya 100 kwenye ya zamani, OR 1.3 lakini mipaka inaanzia 0.8 hadi 2.2. Mipaka kama hiyo inakuambia inaweza kuwa imepungua kidogo au imeongezeka mara mbili, data haijaamua. Na mapitio mengine ya baadaye ya Cochrane kwa wagonjwa wa kipindupindu peke yao yaliona sodiamu ya chini kwenye vipimo vya maabara ikitokea zaidi kwa waliopewa ORS ya osmolariti ya chini, ingawa hawakuugua dalili kali wala kufa kwa hilo. Kipindupindu kinatoa chumvi nyingi sana kwenye choo kuliko kuhara kwa virusi vya rota, kwa hiyo usiyabebe matokeo ya watoto hawa ukayaweka moja kwa moja kwenye kambi ya kipindupindu bila kusema neno.

Sasa mapungufu, ambako umekwama. Kweli abstrakti yao haina kichwa hicho, ilikuwa 2001, ule mwongozo wa PRISMA wa abstrakti unaodai mapungufu yatajwe ulikuja 2013. Kwa hiyo unayatoa kwenye makala yenyewe, na njia rahisi ni kurudi kwenye kila namba uliyoandika na kuiuliza hii imetoka kwa nani, nani aliamua, na nani hayumo.

Imetoka kwa nani? Watoto wa hospitali. ORS imechanganywa na watu waliofundishwa, na kipimo cha maji kinajulikana. Nyumbani ni kitu kingine kabisa. Pakiti ya gramu 20.5 ni ya lita moja, mama hana jagi la lita, ana chupa ya maji ya dukani. Akiimimina yote kwenye chupa ya nusu lita, sodiamu inakuwa 150 na osmolariti 490, mbali kabisa hata na ile ya zamani tuliyosema ni kali. Akiimimina kwenye chupa ya lita moja na nusu, sodiamu inashuka hadi 50 na osmolariti 163. Yani tofauti ya aina ya 311 na 245, ambayo majaribio 15 yalihangaika nayo, inamezwa na chupa. Hiyo ndo maana hitimisho lazima liseme "kwa watoto waliolazwa", na nikikuta mwanafunzi kaandika "kwa watoto wote" naikata na mimi. (Ukiwa kliniki muulize mama atatumia chupa ipi, mwambie akuoneshe kwa mkono, utashangaa.)

Nani aliamua? Dripu isiyopangwa ni uamuzi wa daktari. Hakuna mashine inayosema sasa weka. Kama daktari anajua mtoto yuko kwenye ORS ipi na ana imani na mojawapo, anaweza kuvumilia huyu saa moja zaidi na yule akamchoma mapema. Pakiti zikifichwa zisijulikane hilo linadhibitiwa, kwa hiyo ukisoma makala angalia majaribio mangapi yalificha, na mgawanyo wa watoto ulifichwa vipi, uweke kwa sentensi moja. Tena vigezo vya kuweka dripu havikuwa vilevile kila hospitali, 15 kati ya 100 ya sehemu moja na sifuri ya sehemu nyingine sio ugonjwa tu, ni na mazoea ya wodi.

Nani hayumo? Majaribio ambayo hayakutoa namba. Kutapika kumeripotiwa na 6 kati ya 15. Yale 9 mengine ama hawakupima ama walipima hawakuona kitu wakanyamaza, na kama ni hilo la pili basi 0.71 inapendeza kuliko ukweli. Na ORS za osmolariti ya chini zenyewe hazikuwa fomula moja kwenye majaribio yote, kwa hiyo 0.61 ni ya kundi la fomula, sio ya pakiti ile uliyoishika mkononi peke yake.

Basi, mimi ningeiandika hivi:

Usuli: ORS ya kawaida ya WHO (osmolariti 311) huenda isiwe na mchanganyiko bora kwa watoto wenye kuhara kwa ghafla. Chumvi na glukosi zikipunguzwa, maji yanaweza kufyonzwa vizuri zaidi.

Lengo: Kulinganisha ORS ya osmolariti ya chini na ORS ya kawaida ya WHO kwa watoto wenye upungufu wa maji unaotokana na kuhara kwa ghafla.

Mbinu: Mapitio ya kimfumo ya majaribio ya nasibu yaliyopatikana kwenye Medline, Embase, rejista za Cochrane na kwa kuwasiliana na watafiti. Kipimo kikuu kilikuwa dripu isiyopangwa. Vipimo vya ziada vilikuwa kiasi cha choo, kutapika na sodiamu ya chini kwenye damu. Matokeo yalijumlishwa kwa uchambuzi wa pamoja.

Matokeo: Majaribio 15 yenye watoto 2,397 yaliingia. Dripu isiyopangwa ilihitajika kwa nadra zaidi kwenye ORS ya osmolariti ya chini (OR 0.61, mipaka ya uhakika ya 95% 0.47 hadi 0.81, majaribio 9). Majaribio mengine 3 hayakuwa na tukio lolote. Pale ambapo watoto 15 kati ya 100 wangehitaji dripu, hii ni sawa na kushuka hadi karibu 10. Choo kilikuwa kidogo zaidi (tofauti ya wastani iliyosanifishwa kwenye logi -0.214, -0.305 hadi -0.123, majaribio 13) na kutapika kulipungua (OR 0.71, 0.55 hadi 0.92, majaribio 6). Majaribio 6 yaliangalia sodiamu ya chini. Matukio yalikuwepo kwenye 3, na tofauti ya maana haikuonekana.

Mapungufu: Watoto walikuwa hospitalini, ambako ORS huchanganywa kwa kipimo. Kuweka dripu ni uamuzi wa daktari na vigezo vilitofautiana. Si majaribio yote yaliyoripoti kila kipimo, na fomula za osmolariti ya chini hazikuwa moja. Matukio ya sodiamu ya chini yalikuwa machache mno kuondoa shaka, hasa kwa kipindupindu. Vifo havikuwa kipimo.

Hitimisho: Kwa watoto waliolazwa kwa kuhara kwa ghafla, ORS ya osmolariti ya chini inahusishwa na dripu chache zisizopangwa, choo kidogo na kutapika kidogo kuliko ORS ya kawaida ya WHO.

Ile sentensi ya watoto 15 na 10 haimo kwenye abstrakti ya asili, ni hesabu yangu kwa kutumia sehemu ya kuanzia ya CHOICE. Kama mwalimu anataka ufupishe tu kilichoandikwa iondoe, na kama anataka uchambue iache ila useme 15 umeitoa wapi. Na maneno yakikuzidi kikomo, kata kwenye usuli kwanza, kisha majina ya hifadhidata. Idadi ya majaribio pembeni ya kila namba usiiguse.